Ndege ileile, inaondoka Dubai saa ileile, lakini picha mbili za ratiba zinatofautiana saa nzima Toronto

MtotoWaTandika

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anasafiri Jumamosi tarehe 7 Machi 2026 kutoka Dar es Salaam kwenda Edmonton, Kanada, kumwona dada yangu aliyejifungua. Nina picha mbili za ratiba ambazo zimenichanganya, nami naomba msaada wa kuzisoma kabla sijampa mama maelezo yasiyo sahihi.

Picha ya kwanza alinitumia binamu yangu aliyepita njia hiyohiyo mwezi Januari. Ni karatasi iliyopigwa picha kwa simu, imekaa upande kidogo na ukingo wa kulia umekatwa. Inasomeka hivi: kuondoka Dar 16:45, kufika Dubai 23:15; kuondoka Dubai 03:30, kufika Toronto 08:30; kuondoka Toronto 12:10, kufika Edmonton 14:20. Picha ya pili ni ya tiketi ya mama, imepigwa kutoka kwenye skrini ya kompyuta ya wakala. Saa zote ni zilezile isipokuwa moja: kufika Toronto kumeandikwa 09:30. Tiketi ya Toronto hadi Edmonton alinunua shemeji yangu akiwa hukohuko, kwa hiyo haimo kwenye tiketi ya wakala. Yeye alinitumia picha ya skrini ya simu yake, na mwanga umepiga juu ya tarakimu za kuondoka, lakini naona kama 12:10.

Ninachotaka kujua ni safari nzima ni ya saa ngapi, mama atasubiri muda gani Dubai na Toronto, na kwa nini ndege inayoondoka Dubai saa ileile ifike saa nzima baadaye. Je, inapita njia ndefu zaidi?

Mkokotoo

Ndugu, hesabu hii ni nyepesi kama una kanuni. Unapoelekea magharibi, toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kisha ongeza tofauti ya saa za nchi hizo mbili. Unapoelekea mashariki, punguza tofauti hiyo. Dar hadi Dubai ni kuelekea mashariki na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja: kutoka 16:45 hadi 23:15 ni saa 6 na dakika 30, ukipunguza moja unabaki na saa 5 na nusu. Dubai hadi Toronto ni magharibi na tofauti ni saa 9: kutoka 03:30 hadi 09:30 ni saa 6, ukiongeza 9 unapata saa 15. Kusubiri Dubai ni kutoka 23:15 hadi 03:30, yaani saa 4 na robo, ukitoa saa ile moja ya tofauti unabaki na saa 3 na robo.

Kwa hiyo ndiyo, safari hii ni ya saa 15 wakati ya binamu yako ilikuwa ya saa 14. Huenda ni upepo wa mbele, maana ndege zinazokwenda Amerika Kaskazini hukutana nao sana.

KaraniMstaafu

Mkokotoo, kanuni yako ya mashariki na magharibi ni sahihi, na kwa kipande cha Dar hadi Dubai umepata jibu lililo sawa. Hata hivyo umeteleza mahali pawili, na yote mawili nimeyaona mara nyingi nilipokuwa dirishani nikikata tiketi.

La kwanza ni muda wa kusubiri. Mama akiwa Dubai, saa ya kufika na saa ya kuondoka zote mbili zimeandikwa kwa saa ya Dubai. Hakuna mpaka wa saa anaouvuka akiwa amekaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege, kwa hiyo hakuna cha kupunguza wala kuongeza. Kutoka 23:15 hadi 03:30 ni saa 4 na dakika 15, basi.

La pili ni ile tofauti ya saa 9 kati ya Dubai na Toronto uliyoikariri. Ni kweli kwa Januari. Siyo kweli kwa Jumapili tarehe 8 Machi, siku ambayo mama atatua. Usiku wa kuamkia siku hiyo Toronto wanasogeza saa zao mbele: inapofika saa 02:00 usiku, saa inarukishwa kuwa 03:00. Tangu hapo Toronto wanakuwa nyuma ya Dubai kwa saa 8 na nyuma yetu kwa saa 7. Mama atakapotua mabadiliko hayo yatakuwa yameshafanyika saa kadhaa nyuma, naye atakuwa angani yanapotokea.

Kwa hiyo, MtotoWaTandika, kutoka 03:30 hadi 09:30 ni saa 6, ongeza 8, unapata saa 14 kamili. Na ya binamu yako Januari: kutoka 03:30 hadi 08:30 ni saa 5, ongeza 9, unapata saa 14 kamili. Ndege haijabadilika hata dakika moja, bali saa za ukutani za Toronto ndizo zilizosogezwa.

MtotoWaTandika

Shikamoo mzee. Hapo umenifungua macho. Sasa nina swali la nyongeza: kwa nini basi hawakubadilisha saa ya kuondoka Dubai ili kufika Toronto kubaki 08:30?

KaraniMstaafu

Marahaba. Dubai hawasogezi saa zao mwaka mzima, kama sisi tusivyosogeza. Ndege hiyo imepangiwa muda wa kuondoka Dubai, imepangiwa mlango na zamu ya wafanyakazi, na abiria wanaotoka Dar, Nairobi, Mumbai na kwingineko wamepangwa wafike kabla yake. Upande mmoja ukibaki palepale na upande wa pili ukasogezwa, tofauti inaonekana kwenye saa ya kufika.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona bado hamjaliona, nalo ndilo linalomhusu mama zaidi kuliko urefu wa ndege. Ndege ya ndani ya Kanada, ile ya Toronto hadi Edmonton, inafuata saa ya Kanada. Januari iliondoka 12:10 na Machi inaondoka 12:10, kwa sababu abiria wengi wa ndani wanaishi kwa saa hiyo. Ndege ya Dubai sasa inatua 09:30 badala ya 08:30. Binamu yako alikuwa na saa 3 na dakika 40 za kubadilisha ndege pale Toronto, lakini mama ana saa 2 na dakika 40. Anayemwambia mama kwamba binamu alipita bila haraka anamwambia kweli ya Januari.

BintiWaUpanga

Samahani kwa kuingilia kati. Tarehe 7 Machi itakuwa Ramadhani. Mama atafungua kwa saa ya Dar au ya Dubai? Ninauliza kwa sababu ndege inaondoka 16:45 na magharibi itamkuta angani.

KaraniMstaafu

Dada, suala la futari mwulizeni sheikh wenu, mimi si mtu wa kulijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba hesabu tunayofanya hapa ni ya saa za ratiba tu, wala haitakwambia jua linazama lini mbele ya dirisha la ndege, kwa kuwa hilo linategemea mahali ndege ilipo wakati huo na haliendi na saa ya mji wowote ulioandikwa kwenye tiketi.

KasaïKatanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi huku hatuhitaji kuvuka mpaka wa nchi ili kukutana na jambo hili. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na ndege ya kwenda Kinshasa ikiondoka 10:00 na kufika 11:30, mgeni anadhani amesafiri saa moja na nusu, kumbe ni saa mbili na nusu. Akirudi, ratiba inamwonyesha saa tatu na nusu, analalamika kwamba rubani amezunguka. Nchini kwetu jambo hilo ni rahisi kwa kuwa hakuna anayesogeza saa kwa majira. Ukishajua tofauti ni moja, ni moja daima. Swali langu ni hili: mtu anajuaje kwamba nchi fulani inasogeza saa na nyingine haisogezi, kama kwenye picha hakuna palipoandikwa?

KaraniMstaafu

Kwenye picha hapaandikwi, ndugu yangu, na ndiyo maana tarehe ya safari ni muhimu kama saa yenyewe. Sehemu kubwa ya Ulaya, Kanada na Marekani husogeza, ila hawasogezi siku moja. Amerika Kaskazini ni Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 na tarehe 29. Kati ya tarehe hizo mbili, hata tofauti ya London na Toronto, ambayo watu wameizoea kuwa saa 5, inakuwa saa 4. Ndani ya Kanada yenyewe kuna mkoa wa Saskatchewan ambao sehemu yake kubwa haisogezi kabisa. Aliyekariri tofauti moja akaitumia mwaka mzima atakosea bila kujua amekosea.

Kwa hiyo nawashauri muachane na kuongeza na kupunguza kipande kwa kipande. Chagueni saa moja, mgeuze kila kitu kwa saa hiyo kwanza, kisha mtoe. Wenye kazi ya anga hutumia saa ya dunia, ile ya Grinichi, lakini kwa familia iliyoko Dar mimi naona saa ya Dar inafaa zaidi, kwa sababu itawasaidia pia kujua wakati wa kusubiri simu. Ratiba ya mama kwa saa ya Dar ni hii:

Kuondoka Dar: Jumamosi 16:45
Kufika Dubai: 23:15 ya kwao ni 22:15 ya kwetu
Kuondoka Dubai: 03:30 ya kwao ni 02:30 ya kwetu, tayari Jumapili
Kufika Toronto: 09:30 ya kwao, ongeza 7, ni 16:30 ya kwetu
Kuondoka Toronto: 12:10 ya kwao ni 19:10 ya kwetu
Kufika Edmonton: 14:20 ya kwao, ongeza 9, ni 23:20 ya kwetu

Sasa kutoa ni kazi ya mtoto wa shule. Angani saa 5 na dakika 30, kusubiri Dubai saa 4 na dakika 15, angani saa 14, kusubiri Toronto saa 2 na dakika 40, angani saa 4 na dakika 10. Jumla ni saa 30 na dakika 35. Ili kuhakiki, toeni mwanzo kutoka mwisho moja kwa moja: kutoka Jumamosi 16:45 hadi Jumapili 16:45 ni saa 24, na kutoka hapo hadi 23:20 ni saa 6 na dakika 35. Majibu mawili yamekutana. Yasipokutana, kuna kipande kimoja ambacho mmekigeuza vibaya.

Mkokotoo

Nakubali kuhusu kusubiri Dubai, nilipitiwa. Lakini kuhusu saa 15 nina hoja. Niliangalia umbali: Dubai hadi Toronto ni kama kilomita 11,000. Ukigawanya kwa saa 15 unapata kilomita 730 hivi kwa saa, na kwa saa 14 unapata karibu 790. Zote mbili ni mwendo wa kawaida wa ndege. Utasemaje kwamba jibu langu lilikuwa kosa, wakati umbali unalikubali?

KaraniMstaafu

Hoja yako ni nzuri, na inaonyesha mipaka ya kipimo cha mwendo. Kipimo hicho kinakamata makosa makubwa. Mtu akisahau kabisa tofauti ya nchi atasema Dubai hadi Toronto ni saa 6, yaani zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa, na hapo kila mtu atajua kuna kosa. Mtu akikosea siku akasema saa 38, vilevile. Kosa la saa moja kwenye safari ndefu hupita chini ya kipimo hicho bila kelele, hasa kwa kuwa saa za ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia mlango hadi inapofika mlango mwingine, na humo kuna dakika za kutembea ardhini ambazo hazionekani kwenye umbali.

Njia ya kulithibitisha ni kutazama safu ya muda wa safari kama tiketi inayo. MtotoWaTandika, kwenye picha ya pili, pembeni au chini ya kipande cha Dubai, hakuna palipoandikwa muda?

MtotoWaTandika

Nimeivuta picha nikaona. Kuna maandishi madogo ya kijivu: `14h 00m`. Kwenye ile ya Januari safu hiyo ndiyo iliyokatwa.

KaraniMstaafu

Basi kwa tiketi ya mama limekwisha. Kwa ile ya Januari tunabaki na hesabu yetu tu, ambayo inatoa saa 14 pia. Nisiwe mkali kupita kiasi kwa Mkokotoo: mashirika kweli hubadilisha muda wa safari kidogo kati ya msimu na msimu kwa sababu ya pepo, dakika kumi hapa, dakika ishirini pale. Lakini saa moja kamili inayotokea baada tu ya tarehe ya kusogeza saa si tabia ya upepo.

Msimbo255

Kwa wanaotumia Linux, hakuna haja ya kukariri tarehe za kusogeza saa, kwa sababu kompyuta inazo. Amri hii inachukua saa ya Toronto na kuirudisha kwa saa ya Dar:

```
TZ='Africa/Dar_es_Salaam' date -d 'TZ="America/Toronto" 2026-03-08 09:30'
TZ='Africa/Dar_es_Salaam' date -d 'TZ="America/Toronto" 2026-03-07 08:30'
```

Mstari wa kwanza utatoa saa 16:30 ya Jumapili, na wa pili utatoa saa 16:30 ya Jumamosi. Mnaona kwamba 09:30 ya tarehe 8 na 08:30 ya tarehe 7 huangukia saa ileile ya Dar, siku zikiwa zimefuatana. Muhimu ni kuandika jina la mji badala ya kuandika tofauti ya saa kwa mkono. Ukiandika tofauti kwa mkono unarudi kwenye shida ya kukariri.

Nina angalizo moja kuhusu picha za WhatsApp. Watu hudhani wanaweza kufungua taarifa za picha na kujua ilipigwa lini ili wajue ratiba ni ya msimu gani. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp huwa imeondolewa taarifa hizo, na tarehe unayoiona kwenye simu yako ni ya siku uliyoipokea. Mwulizeni aliyepiga.

MzeeWaTunduma

Mimi nina jambo linalofanana na hili ila ni la treni. Nina picha ya bango la ratiba ya TAZARA aliyonitumia kijana wangu, kwa sababu nataka kwenda Kapiri Mposhi. Kuna mahali treni inaonekana kurudi nyuma: Tunduma kuondoka 16:40, na Nakonde, ambayo ni hapo ng'ambo tu ya mpaka, kufika 15:55. Nilidhani kijana amepiga picha mabango mawili akayaunganisha. Je, ndilo jambo lilelile, au bango limekosewa?

KaraniMstaafu

Shikamoo mzee. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo 15:55 ya Nakonde ni 16:55 ya Tunduma, na treni imetumia dakika 15 kuvuka. Hapo hakuna kosa, maana kila kituo kimeandikiwa saa ya nchi yake.

Mabango ya treni yana ugumu wake ambao tiketi ya ndege haina. Tiketi ya ndege karibu kila mara huandika saa ya mji husika. Bango la treni inayovuka mpaka linaweza kuandikwa kwa saa za kila nchi, au likaandikwa lote kwa saa ya nchi moja, na mara nyingine lisiseme ni ipi. Kinachokusaidia ni mahali kama hapo mpakani, penye vituo viwili jirani. Treni ikionekana kufika kabla ya kuondoka, saa zimebadilishwa hapo. Ikionekana imetumia dakika 15 tu bila kurudi nyuma, bango linaendelea na saa ya Tanzania, nawe utalazimika kutoa saa moja kwa kila kituo cha upande wa Zambia ili ujue mwenyeji atakuja kukupokea saa ngapi ya kwao.

Je, safu za siku zinaonekana? Safari hiyo inalala njiani, na bila siku huwezi kuhesabu.

MzeeWaTunduma

Marahaba mwanangu. Siku zimeandikwa juu kabisa, lakini picha imekatwa chini ya Nakonde. Vituo vya Kasama na Mpika havipo. Nitamwambia aipige tena.

MtotoWaTandika

Naomba nirudi kwa mama. Jana usiku shemeji aliandika kwenye kundi la familia: "Nitampokea 2:20." Mama akasoma saa mbili na dakika ishirini, akauliza kama ni ya asubuhi au ya usiku. Dada naye akasema ni saa nane na dakika ishirini mchana. Walibishana nusu saa.

KaraniMstaafu

Shemeji ameandika kwa saa ya Kanada ya kumi na mbili-kumi na mbili, mama amesoma kwa saa yetu, na wote wako sawa kwa desturi yao. Ndiyo maana kwenye hesabu hubaki na 14:20 kama ilivyochapishwa, bila kuigeuza kuwa saa yetu mpaka mwisho kabisa. Ukishamaliza kuhesabu, mwambie mama kwa maneno: unaondoka Dar saa kumi na moja kasorobo jioni, na utakapotua Edmonton kwao itakuwa saa nane na dakika ishirini mchana, wakati huku Dar ni saa tano na dakika ishirini usiku.

MwenyejiCalgary

Nimesoma uzi wote na naona mmeshughulikia saa lakini hamjashughulikia Toronto yenyewe. Mimi naishi Calgary na hupita hapo. Saa 2 na dakika 40 kwenye karatasi hazimaanishi saa 2 na dakika 40 mkononi. Toronto ndipo mama anapoingia Kanada, kwa hiyo anapita uhamiaji hapo, siyo Edmonton. Tena, kwa kuwa tiketi ya ndani imenunuliwa peke yake, mzigo wake utaandikiwa mwisho Toronto. Atauchukua, atapita forodha, kisha ataupeleka tena kwenye kaunta ya shirika la ndani. Kaunta hiyo huacha kupokea mizigo dakika 45 au 60 kabla ya ndege kuondoka, kutegemea shirika. Tukichukua 60, mwisho wake ni 11:10. Kutoka 09:30 hadi 11:10 ana dakika 100 za kushuka, kupanga foleni ya uhamiaji, kusubiri mzigo na kutafuta kaunta, kama ndege ya Dubai haijachelewa hata kidogo.

Vipande vyote vingekuwa kwenye tiketi moja, mfumo usingeuza muda mfupi kuliko kiwango kilichowekwa kwa uwanja huo, na akichelewa shirika lingempatia ndege nyingine. Hapa akichelewa, tiketi ya ndani inaweza kupotea.

Mkokotoo

Kwangu dakika 100 zinatosha. Nimewahi kupita kwa muda mfupi zaidi kwenye uwanja mkubwa kuliko huo.

MwenyejiCalgary

Ulikuwa na mzigo wa kukabidhi upya na ulikuwa unaingia nchi hiyo kwa mara ya kwanza? Foleni ya Jumapili asubuhi huwa inategemea ndege ngapi za mbali zimetua pamoja. Siwezi kusema hazitoshi. Ninasema kwamba kwa mama wa makamo anayesafiri peke yake, mimi ningenunua ndege ya alasiri, na pia ningeomba huduma ya kiti cha magurudumu mapema, kwa sababu mhudumu anayemsukuma ndiye anayejua njia.

MtotoWaTandika

Nimeongea na shemeji. Kwanza, tarakimu zile zilizopigwa na mwanga: amenitumia barua pepe yenyewe, na ni 12:10 kweli. Nilikuwa na hofu kwamba huenda ni 12:40.

KaraniMstaafu

Umefanya vyema kuomba barua pepe. Ingekuwa 12:40, safari ya Edmonton ingetoka saa 3 na dakika 40 badala ya saa 4 na dakika 10, na kwa kilomita 2,700 hivi zote mbili zingeonekana za kawaida. Hesabu isingeweza kutuamulia, ila ingempa mama nusu saa ya uongo Toronto.

MtotoWaTandika

Pili, kuhusu kubadilisha: shemeji alinunua kwa kutazama safari ya binamu, akaona saa 3 na dakika 40 zinatosha. Hakujua kwamba siku ya mama ndiyo siku ya kusogeza saa. Kubadilisha kwenda ndege ya 15:00 kuna gharama, na anataka kwanza kuuliza kama shirika la ndani linaweza kumhamisha bila malipo mama akichelewa. Dada anataka ibadilishwe sasa hivi. Mama mwenyewe anasema atakimbia.

MwenyejiCalgary

Mwambie shemeji aulize na saa ya mwisho ya kupokea mizigo kwa shirika hilo hasa. Ikiwa ni dakika 45, anapata robo saa zaidi ya nilivyohesabu. Kama anahama kwenda 15:00, kusubiri kunakuwa saa 5 na nusu, jambo ambalo ni refu lakini lina viti.

MzeeWaTunduma

Kijana amenitumia picha nyingine ya bango. Kasama na Mpika sasa zinaonekana, ila safu ya siku imefunikwa na kidole chake.